Meseji mbili na "Sawa" moja: nilichowaambia vijana Kamachumu

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana hapa Kamachumu. Katibu aliomba niyaandike kwa ajili ya wale waliokosa usafiri. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu vicheko.)



Mlipoambiwa kuna dada anayesoma sheria atakuja kuzungumza, najua wengine mlitegemea Katiba mpya. Leo nimekuja na kitu kidogo zaidi. Nimekuja na skrinshoti, na nimekuja kukiri kosa langu mwenyewe. Mimi ni mmoja wa watu waliomwita mama mmoja wa hapa mwizi, kwa kutumia picha yenye meseji mbili na neno "Sawa".

Wengi mnaijua habari yenyewe, ila naomba majina tuyaache. Nitasema mweka hazina, karani na mwenyekiti wa kikundi, basi.

Ni kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kilikuwa kimeomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo huu hauna riba, na unaingia kwenye akaunti ya kikundi benki. Sasa mwaka jana nikiwa likizo, Ijumaa moja zikavuma habari kwamba kikundi cha kata jirani kimepata. Jumamosi asubuhi picha ikaingia kwenye grupu letu la vijana. Visanduku viwili vyeupe vya WhatsApp upande wa kushoto, na kimoja cha kijani upande wa kulia. Vyeupe vilisema hivi:

"Zigawe kwa hao watano tu." 14:07
"Wengine wakiuliza waambie bado." 14:09

Cha kijani kilisema "Sawa", 14:10, na tiki mbili za bluu. Chini ya picha aliyeileta alikuwa ameandika jina la mweka hazina na maneno, "Hela imetoka, wanagawana viongozi watano."

Viongozi wa kikundi kweli ni watano, kwa hiyo hesabu ikakubali. Mimi mwanafunzi wa sheria mwaka wa pili, nikaandika kwa kujiamini: "Huu ni wizi wa wazi, na ushahidi upo." Watu wakaifowadi pamoja na maneno yangu. "Mwanasheria wetu amesema." Jumapili mama yule alitoka kanisani watu wakimpisha njia kama mgonjwa wa kuambukiza. Jumatatu binti yake alirudishiwa kreti la nyanya gengeni, wakasema hawanunui kwa hela ya wizi.

Naomba sasa tuiangalie picha ile taratibu, kama nilivyopaswa kuiangalia Jumamosi ile.

Kwanza, jina la mweka hazina halikuwepo ndani ya picha. Hakuna aliyeligundua hilo, hata mimi. Jina lilikuja kwenye maneno ya aliyeileta. Na hata lingekuwepo juu ya meseji, jina linaloonekana kwenye WhatsApp ni lile ambalo mwenye simu amelihifadhi. Mimi leo naweza kuihifadhi namba ya mdogo wangu kwa jina la "Mkurugenzi", akaniandikia "njoo uchukue milioni", nikapiga picha. Kinachomtambulisha mtu ni namba, na hapo bado unabaki na swali la nani alikuwa ameishika simu.

Pili, tarehe haikuwepo. Meseji inabeba saa tu. Tarehe hukaa juu, mahali siku inapoanza, au hutokea kidogo unapoperuzi. Ukikata, inapotea. Sisi tulisoma 14:07 tukaielewa kama jana, kwa sababu habari za mkopo wa jirani zilikuwa za jana. Kumbe meseji zile zilikuwa za Jumanne, wiki mbili na siku kadhaa nyuma. Kuna mtu alijaribu kunitetea akasema jina la faili lilikuwa na tarehe. Kweli, kwenye Android picha ikipokelewa WhatsApp huhifadhiwa kwa jina kama `IMG-20250712-WA0004.jpg`, lakini hiyo ni tarehe ambayo picha imefika kwenye simu yako. Haisemi ilipigwa lini, na haisemi kabisa meseji ziliandikwa lini.

Tatu, na hapa naomba mniletee umakini, picha yenyewe ilikuwa inasema kwamba imekatwa. Skrini ya simu ni ndefu, inasimama kama mlango. Picha ile ilikuwa imelala kama tofali. Hakuna saa juu, hakuna chaji, hakuna sehemu ya kuandikia chini. Zaidi ya hapo, tazameni WhatsApp ya Android kwenye simu zenu sasa hivi. Mtu akiandika meseji kadhaa mfululizo, ile ya kwanza ina kijipembe kwenye kona ya juu, kama mdomo wa birika. Zinazofuata hazina. Kama ni grupu, jina lake pia linakaa kwenye ile ya kwanza tu. Meseji ya "Zigawe" haikuwa na kijipembe, na kona yake ilionekana yote. Maana yake juu yake palikuwa na meseji nyingine ya mtu huyohuyo, siku hiyohiyo. Sikuweza kujua ilisema nini. Ila kwamba ipo, na kwamba mtu ameiacha nje, hilo lilikuwa mbele ya macho yangu.

Nne, visanduku vya kijani upande wa kulia ni vya mwenye simu. Kwa hiyo aliyejibu "Sawa" ndiye ambaye simu yake ilipiga picha ile. Yaani kama ule ulikuwa mpango wa wizi, basi picha imetoka kwenye simu ya mtu aliyeukubali. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu aulize kabla ya kufowadi. (Karani anasema simu yake huwa inashikwa na watu wengi nyumbani. Inawezekana. Sitaki kurudia kosa lilelile kwa mtu mwingine.)

Halafu kuna Kiswahili chenyewe, ambacho hatuhitaji simu janja kukisoma. "Zigawe." Zi nini? Hela ni zi. Fomu ni zi. Kadi, ndizi, kanga, mbegu, vyote ni zi. Hiyo "zi" inatuambia tu kwamba si miche, maana miche ingekuwa "igawe", na si mahindi, maana ingekuwa "yagawe". Inapunguza, haimalizi. Sisi tulisikia hela kwa sababu tulikuwa tayari tunaifikiria hela.

"Hao watano." Angalieni hapa. Hakuandika "watu watano", aliandika "hao". Sisi tunasema "hao" kwa watu waliokwisha kutajwa. Neno lenyewe linageuza shingo kutazama nyuma, kwenye meseji ambayo hatunayo. Na "bado"? Bado nini? Bado hajafika, bado haijaiva, bado hatujaanza. "Bado" peke yake ni nusu ya jibu, nusu nyingine iko kwenye swali la mtu aliyeuliza. Kwa hiyo katika meseji mbili fupi, maneno matatu yalikuwa yanaegemea kitu kilichokatwa. Tukayajazia sisi wenyewe kwa hasira zetu. Wazee hapa wanaijua butura, kununua kahawa ya mtu ikiwa bado maua mtini. Nilinunua butura.

Sasa niwaambie mazungumzo kamili. Nilionyeshwa kwenye simu ya mwenyekiti wa kikundi, siku ya Jumatano, baada ya mama yangu mzazi kunikalisha chini na kuniuliza kama huko chuo ndivyo tunavyofundishwa. Ni grupu la viongozi watano. Mambo yalikwenda hivi.

Saa nane na dakika moja karani anaandika kwamba afisa maendeleo amempa fomu, kuna wanachama ambao majina yao hayafanani na ya vitambulisho vya NIDA. Dakika moja baadaye anaongeza: wako watano, ila fomu alizopewa ni kumi. Saa 14:04 mweka hazina anaandika kitu halafu anakifuta. Saa 14:05 mwenyekiti anatuma sauti ya sekunde 38. Saa 14:06 mweka hazina anauliza kama hao si wale waliojiandikisha kwa majina ya ubatizo peke yake. Ndipo inakuja 14:07, "Zigawe kwa hao watano tu." Zigawe fomu. Kisha 14:09, "Wengine wakiuliza waambie bado." Karani anajibu "Sawa". Na saa 14:11, mstari mmoja tu chini ya mahali mkasi ulipopita, mweka hazina anaandika: "Zitakazobaki nirudishie usizipoteze."

Kwa hiyo walikata juu na wakakata chini.

Lakini kuna jambo lilinishangaza zaidi, ndiyo maana nimekuja kulisema. Tulidhani meseji mbili zilizofuatana ni wazo moja: gawa kwa watano, wengine uwafiche. Hazikuwa wazo moja. Ile sauti ya sekunde 38, nilipoisikiliza, mwenyekiti alikuwa anasema wanachama wanamsumbua kila siku njiani kama mkopo umetoka, awaambie nini. "Wengine wakiuliza waambie bado" lilikuwa jibu la sauti hiyo. Bado mkopo haujatoka. Mweka hazina alikuwa anajibu watu wawili, mambo mawili, kwa kupishana, kama sote tunavyofanya kwenye magrupu. Ukikata katikati, majibu mawili yanashikana na kuzaa jambo la tatu ambalo hakuna aliyelisema.

Na mtambue kwamba hata kama mtu angetuletea skrinshoti ndefu isiyokatwa hata kidogo, tusingeelewa. Sauti kwenye picha inaonekana kama mistari midogo na "0:38". Picha haisikiki. Ilibidi kuishika simu yenyewe na kubonyeza.

Sasa msije mkasema basi dawa ni kuomba mazungumzo kamili, kwisha. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka nilipofika kwenye ile ya 14:04. Imeandikwa tu kwamba ujumbe umefutwa. Mweka hazina anasema alikosea herufi akafuta. Naweza kumwamini, lakini simu haiwezi kunithibitishia. Na hiyo ni ile iliyoacha alama. WhatsApp ina kufuta kwa aina mbili. Ukifuta kwa wote, kunabaki kovu. Ukichagua `Delete for me`, meseji inaondoka kwenye simu yako bila alama yoyote, na mazungumzo yanajifunga kama maji. Kwa hiyo mtu anaweza kufuta mistari mitatu kwenye simu yake kwanza, ndipo akapiga picha ndefu, nzuri, isiyokatwa mahali popote, ikiwa na saa na chaji juu, na bado ikawa imekatwa. Kuna pia meseji iliyohaririwa: inaandikwa `Edited` pembeni, unajua imebadilishwa, ila kwenye picha hujui ilikuwaje mwanzo.

Ndiyo maana nilipoomba kuona, niliomba simu mbili, ya mwenyekiti na ya mwanakamati mwingine ambaye hana ugomvi na mtu. Tukaziweka pamoja mezani tukalinganisha mstari kwa mstari. Zilifanana, pamoja na lile kovu la 14:04. Mwenyekiti akatumia pia `Export chat`, inayotoa maandishi yote kwenye faili yenye tarehe na saa, mistari ya namna hii:

```
24/06/2025, 14:07 - Mweka Hazina: Zigawe kwa hao watano tu.
```

Inasaidia kusoma mfululizo na kuona tarehe. Lakini ile ni faili ya maandishi matupu, mtu yeyote anaweza kuifungua akabadilisha neno. Na inatoa tu kile kilichobaki kwenye simu hiyo. Kwa hiyo msiitukuze.

Mtaniuliza, mahakama zinafanyaje? Niseme kidogo, maana najua kuna watu hapa wamewahi kutishiwa kwa skrinshoti.

Tatizo hili ni la zamani kuliko simu. Kabla ya Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967, Tanganyika ilikuwa inatumia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Kifungu chake cha 39 kilishughulikia maneno yaliyo sehemu ya mazungumzo marefu, au barua iliyo moja kati ya mfululizo wa barua. Kilisema ushahidi utatolewa wa kiasi kile ambacho mahakama inaona kinahitajika ili kuelewa kwa ukamilifu maneno yale yalikuwa na maana gani na yalisemwa katika mazingira gani. Watu wa 1872 hawakuwa na WhatsApp, lakini walikuwa na barua, na walijua mtu anaweza kuleta barua ya tatu akaficha ya pili.

Mwaka 2015 tukapata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Kifungu cha 18 kinasema ushahidi hautakataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Wengi wanaishia hapo, wanasema "skrinshoti inakubalika mahakamani". Wasome na sehemu inayofuata. Kupokelewa ni jambo moja, uzito ni jingine. Katika kupima uzito, mahakama inaangalia jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa, kama umebaki mzima bila kuguswa, na mwandishi wake alitambuliwa kwa njia gani. Ichukueni picha yetu mkaipitishe hapo. Ilitunzwaje? Haijulikani, ilipita magrupu mengi. Imebaki nzima? Kijipembe kinasema hapana. Mwandishi alitambuliwaje? Kwa neno la aliyeifowadi. Ilibaki na nini?

Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo sisi wa upinzani hatuhitaji kutambulishwa. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa ya uongo au ya kupotosha, iwe kwa picha au maandishi, huku ukijua ni ya kupotosha na ukiwa na nia ya kumharibia mtu jina au kuudanganya umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mimi sikuwa najua kwamba imekatwa kwa makusudi, kwa hiyo naweza kusema sikuwa na kosa hilo. Lakini fikirieni aliyeshika mkasi. Yeye alikuwa na mstari wa 14:11 mbele yake. Na fikirieni ninyi, siku mtakapofowadi picha ambayo mmeshaambiwa ilikatwa. Kuna mambo mengi katika sheria ile ambayo naipinga, na nitaendelea kuipinga, lakini siwezi kuwaficha kwamba neno "akijua" linaanza kuwahusu pale mnapoambiwa.

Nirudi kwa mama yetu. Mnajua kilichomaliza jambo lile? Si meseji. Baada ya simu mbili, sauti na ile faili, bado kulikuwa na wanachama waliosema, "Sawa, zilikuwa fomu, lakini huenda hela nayo ilitoka, na ile iliyofutwa ndiyo ilikuwa inaizungumzia." Na kwa kweli, kwa kutazama simu peke yake, usingeweza kuwajibu. Mazungumzo yanaweza kukuambia watu waliandikiana nini. Hayawezi kukuambia benki kuna nini.

Mwanachama mmoja, bibi ambaye hana hata simu ya kupangusa, ndiye aliyesema waende benki. Wakaenda watatu, waweka saini wawili na yeye mwenyewe, wakachukua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu. Ilisomwa kwenye kikao, mstari kwa mstari. Kulikuwa na michango yao, makato ya benki, na hakuna hata senti moja kutoka halmashauri. Swali la "hela imetoka?" lilikuwa na jibu siku zote, kwenye karatasi, na hakuna hata mmoja kati yetu tuliokuwa tunabishana kwenye grupu aliyelitafuta.

Ujumbe wa 14:04 haujulikani mpaka leo. Mweka hazina alijiuzulu mwezi uliofuata. Alisema hana kinyongo, ila hataki tena kushika kitu cha watu. Mimi nilikwenda kwake na mama yangu, tukabeba kahawa na mkungu wa ndizi, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha chakula. Halafu akaniuliza kama maneno yangu, yale ya "ushahidi upo", naweza kuyafuta kwenye simu za wote walioyapokea. Nilimweleza ukweli kwamba siwezi. Langu nililifuta siku ileile, lakini watu walikuwa wameshalipiga skrinshoti.

Mwenyekiti, nimemaliza. Nadhani kuna mzee kule nyuma alikuwa na swali.